Mwongozo wa Kutenganisha Oganeli za Seli kwa Sentrifuji: Nini Kinashuka Katika Kila Awamu

Mara nyingi mwanafunzi wa baiolojia ya seli hupewa orodha fupi: viini hushuka kwanza, kisha mitokondria, kisha mikrosomu, na kinachobaki juu ni saitosoli. Orodha hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Inaeleza ni oganeli ipi inayomaliza safari yake katika kila awamu, lakini hainenei zile ambazo ziko katikati ya safari wakati mashine inaposimama. Hizo za katikati ndizo zinazoharibu majaribio, kwa sababu sehemu yake imo katika mashapo na sehemu nyingine imo katika kimiminika cha juu, na aliyesoma orodha peke yake hajui kwamba zimegawanyika. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani ini la panya lililopitishwa katika awamu tatu, na kwa kila awamu tutajiuliza maswali matatu: nini kimemaliza kushuka, nini kimefika nusu ya njia, na nini kimeanza tu.

Kuandaa rojo

Tayarisha myeyusho wa sukrosi wa mola 0.25 kwa lita, ambao ni takriban gramu 85.6 za sukrosi katika lita moja, pamoja na bafa ya Tris ya milimola 10 yenye pH 7.4 na EDTA ya milimola 1. Kiwango hicho cha sukrosi kimechaguliwa kwa sababu kinalingana na shinikizo la osmosi ndani ya oganeli, hivyo mitokondria na lisosomu hazivimbi na kupasuka kama ambavyo zingefanya katika maji matupu. EDTA inashika ayoni za kalsiamu na magnesiamu, ambazo huzifanya tando zigandane. Jambo hili lina gharama yake, kwa kuwa viini vinahitaji magnesiamu kidogo ili vibaki imara. Anayetafuta viini safi hutumia myeyusho wenye magnesiamu na kukubali kwamba mitokondria na mikrosomu zake zitashikana. Anayetafuta mitokondria, kama sisi katika mfano huu, hufanya kinyume chake.

Panya anyimwe chakula usiku mmoja kabla, kwa utaratibu uliokubaliwa na kamati ya maadili ya maabara husika, ili glikojeni ipungue katika ini. Tutaona sababu yake katika awamu ya tatu. Gramu 5 za ini huoshwa damu kwa myeyusho ule ule ukiwa baridi, hukatwa vipande vidogo kwa mkasi, kisha husagwa katika kinu cha kioo chenye mchi wa Tefloni unaozungushwa na mota. Mipigo minne hadi sita ya kushuka na kupanda inatosha. Ongeza myeyusho hadi rojo lote lifike mililita 50, yaani sehemu moja ya tishu kwa kumi, na uweke kila kitu kwenye barafu kuanzia hapo. Rojo zito zaidi ya hilo linaokoa nafasi katika mirija, lakini chembe ndogo hunaswa katikati ya chembe kubwa zinaposhuka, na hesabu zote zitakazofuata huvurugika. Pitisha rojo kwenye shashi yenye tabaka mbili ili kuondoa nyuzi za tishu unganishi, kisha tenga mililita 2 na kuziandikia jina. Hilo ndilo rojo zima ambalo kila kipimo cha mwisho kitalinganishwa nalo, na asiyelitenga mwanzoni hana njia ya kulipata baadaye.

Kutoka mizunguko kwa dakika hadi g

Maelezo yanayosema "zungusha kwa mizunguko 10,000 kwa dakika" hayana maana bila kujua rota iliyotumika. Chembe haisikii idadi ya mizunguko. Inachosikia ni nguvu inayoisukuma kuelekea chini ya mrija, ambayo hupimwa kwa kulinganishwa na uvutano wa dunia, g. Fomula yake ni hii, ambapo `RCF` ni nguvu hiyo kwa g, `r` ni nusu kipenyo kwa sentimita, na `rpm` ni mizunguko kwa dakika:

```
RCF = 1.118e-5 * r * rpm^2
```

Chukua rota ya vikombe vinavyobembea, ambamo uso wa kimiminika uko sentimita 6 kutoka kwenye mhimili na kitako cha mrija kiko sentimita 10. Safu ya kimiminika ina urefu wa sentimita 4 na wastani wa nusu kipenyo ni sentimita 8. Ili kupata 10,000 g kwa wastani, mashine iwekwe kwenye mizunguko takriban 10,570 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo hiyo, chembe iliyo juu kabisa inasukumwa na 7,500 g tu, ilhali iliyo karibu na kitako inasukumwa na 12,500 g. Kwa hiyo ni lazima useme unazungumzia nusu kipenyo kipi. Katika mwongozo huu, kila g ni ya wastani. Anayechukua idadi hiyo ya mizunguko na kuipeleka kwenye rota yenye wastani wa sentimita 12 anapata 15,000 g, yaani mara moja na nusu, na mashapo yake hayatafanana na yetu hata akifuata kila hatua nyingine kwa uaminifu.

Kukadiria kabla ya kuwasha mashine

Kasi ya chembe ya mviringo inayoshuka ndani ya kimiminika hutolewa na kanuni ya Stokes:

```
v = d^2 * (rho_p - rho_m) * g / (18 * eta)
```

Hapa `d` ni kipenyo cha chembe, `rho_p` ni densiti yake, `rho_m` ni densiti ya kimiminika, `eta` ni mnato wa kimiminika, na `g` ni mchapuko unaoisukuma chembe, yaani RCF mara mita 9.8 kwa sekunde kwa mraba. Tazama hasa kwamba kipenyo kimepigwa mraba. Oganeli za ini zinakaribiana sana kwa densiti, lakini zinapishana mno kwa ukubwa, na ndiyo maana mbinu hii hutenganisha kwa ukubwa kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na mitokondria. Tuchukue kipenyo cha mikromita 0.8, densiti ya 1.10 ndani ya sukrosi ya 1.03, na mnato unaokaribia mara mbili ya ule wa maji ya nyuzi 20, kwa sababu myeyusho wetu una sukari na uko kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Ukiweka namba hizo katika fomula kwa 10,000 g, kasi inakuwa takriban sentimita 0.012 kwa sekunde. Mitokondria iliyoanza safari kwenye uso wa kimiminika, ikiwa na sentimita 4 mbele yake, inafika kitakoni kwa dakika tano na nusu hivi.

Tukishapata hiyo moja, nyingine zinatoka kwa kulinganisha tu. Lisosomu yenye kipenyo cha mikromita 0.4 ni nusu ya mitokondria kwa upana, kwa hiyo kasi yake ni robo, na inahitaji dakika 22 kwa nguvu ile ile. Kifuko cha mikrosomu chenye mikromita 0.1 ni moja ya nane kwa upana, na kasi yake ni moja ya 64. Kiini chenye mikromita 6 kinashuka kwa kasi inayozidi mara 50 ya ile ya mitokondria. Makadirio haya si ya kuapia, kwa kuwa oganeli hazina kipenyo kimoja wala si zote za mviringo, lakini yanatosha kukuambia ni wapi pa kutilia shaka.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba mwanzoni mwa awamu chembe za kila aina zimetapakaa katika mrija mzima. Mitokondria iliyokuwa milimita mbili juu ya kitako haihitaji kusafiri sentimita 4. Inafika karibu mara moja, na inaingia katika mashapo hata kama awamu hiyo haikukusudiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo sehemu ya oganeli iliyoingia katika mashapo ni, kwa makadirio, umbali ambao oganeli hiyo ingesafiri katika muda uliowekwa ukigawanywa kwa urefu wa safu ya kimiminika. Sentensi hii moja ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Kila uamuzi unaofuata unatokana nayo.

Awamu ya kwanza: 600 g kwa dakika 10

Sawazisha mirija kwa mizani, si kwa kukadiria kwa macho, na uiweke ikikabiliana katika rota iliyopoa tayari. Zungusha kwa 600 g kwa dakika 10, ambayo kwa rota yetu ni mizunguko takriban 2,590 kwa dakika.

Kilichomaliza kushuka ni viini, seli nzima ambazo kinu hakikuzivunja, chembe nyekundu za damu zilizosalia, na vipande vikubwa vya utando wa seli. Kwa hesabu yetu viini humaliza safari kwa chini ya dakika mbili, na muda uliosalia ni wa tahadhari. Kilichoanza tu ni mikrosomu, ambazo kwa hesabu hazifiki hata nusu ya asilimia moja katika mashapo. Katikati yao ziko mitokondria. Kwa 600 g zinasafiri sentimita 0.44 katika dakika 10, na 0.44 ukigawanya kwa 4 ni asilimia 11. Hii ina maana kwamba hata kazi ikifanyika bila kosa lolote, takriban moja ya tisa ya mitokondria zote za ini imelala pamoja na viini. Lisosomu zinafuata kwa asilimia 3 hivi.

Wengi hupandisha awamu hii hadi 1,000 g wakihofia kupoteza viini. Kwa maoni yangu hofu hiyo inawagharimu bure: viini vilikuwa vimeshafika zamani, na kinachoongezeka ni mitokondria, ambazo sasa zinafikia asilimia 18.

Dawa yake ni kuosha. Mimina kimiminika cha juu polepole katika chombo kingine, tawanya mashapo katika myeyusho mpya hadi ujazo ufike pale pale ulipokuwa, na uzungushe tena kwa masharti yale yale. Mitokondria zilizokuwa ndani ya mashapo zimetapakaa upya katika mrija, na ni asilimia 11 yake tu itakayorudi chini. Asilimia 11 ya asilimia 11 ni kama 1.2. Kimiminika cha kuoshea kichanganywe na kile cha kwanza, kwa sababu ndani yake mna mitokondria tunazozihitaji. Ukitawanya mashapo katika ujazo mdogo kuliko ule wa awali, safu ya kimiminika inakuwa fupi na sehemu inayorudi chini inakuwa kubwa, hivyo kuosha kunapoteza faida yake.

Yaangalie mashapo kabla ya kuendelea. Mashapo mazuri ni ya kahawia yenye wekundu na hutawanyika kwa kusukumwa taratibu na pipeti. Yakiwa mlenda unaovutika kama ute wa yai, viini vimepasuka na DNA imemwagika. DNA hiyo hufunga kila kitu kama wavu, na hakuna kuosha kutakakokitoa kilichonaswa humo. Hapo ni bora kuanza upya kwa mipigo michache zaidi ya mchi. Juu ya kimiminika utaona pia utando mweupe wa mafuta, ambao hufyonzwa kwa pipeti ili usiteleze ukutani na kuingia katika awamu inayofuata.

Awamu ya pili: 10,000 g, na suala la dakika ngapi

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, na ndipo orodha za vitabu zinapotofautiana. Wengine husema dakika 10, wengine 20, na wote huyaita mashapo hayo "mitokondria".

Kwa dakika 10, mitokondria za ukubwa wa kawaida zimemaliza kushuka zamani. Lisosomu zimesafiri sentimita 1.8 kati ya 4, hivyo asilimia 46 yake iko katika mashapo na asilimia 54 bado inaelea. Peroksisomu, ambazo ukubwa wake unakaribia ule wa lisosomu, ziko katika hali hiyo hiyo. Mikrosomu ni asilimia 3. Kwa dakika 20, lisosomu zimefika asilimia 92 na mikrosomu 6. Kwa hiyo swali la dakika ngapi linarudi kwenye swali jingine: unataka kufanya nini na mashapo hayo?

Ikiwa lengo ni kukusanya oganeli zote za ukubwa wa kati kwa pamoja, na kubakiza mikrosomu juu zikiwa safi, dakika 20 ndizo sahihi, na mashapo yaitwe kwa jina lake la haki, yaani mchanganyiko wa mitokondria, lisosomu na peroksisomu. Ikiwa lengo ni mitokondria zisizo na lisosomu nyingi, fupisha muda. Kwa dakika 6 mitokondria za kipenyo cha mikromita 0.8 zimefika, na lisosomu ni asilimia 27 tu. Osha mara moja kwa masharti hayo hayo na zinashuka hadi kama 7, osha mara ya pili na zinabaki kama 2. Lakini utalipia. Mitokondria si za ukubwa mmoja, na ile yenye mikromita 0.5 ingehitaji dakika 14, hivyo katika dakika 6 ni asilimia 43 tu ya mitokondria ndogo zinazopatikana, na kila kuosha kunaziondoa tena kwa kiwango kile kile. Mwishoni una mitokondria safi, lakini ni zile kubwa, na ikiwa swali la utafiti wako linahusu mitokondria zote za seli, usafi huo umekupotosha.

Kupishana huku kati ya mitokondria na lisosomu ndiko kulikoleta ugunduzi wa lisosomu zenyewe. Christian de Duve na wenzake huko Louvain, Ubelgiji, waliyagawanya mashapo ya awamu hii katika sehemu nzito na sehemu nyepesi. Waliona kwamba kimeng'enya fosfatasi ya asidi hakikuifuata oksidasi ya sitokromu, ambayo ni ya mitokondria, bali kilikusanyika zaidi katika sehemu nyepesi. Vimeng'enya viwili visivyoshuka pamoja haviwezi kukaa katika chembe moja. Mwaka 1955 waliipa chembe hiyo jina la lisosomu, na mwaka 1974 de Duve alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade.

Mashapo yakiwa tayari, utaona tabaka mbili: chini kuna ya kahawia iliyoshikamana, na juu yake kuna tabaka laini iliyopauka, ambayo huyumba ukiinamisha mrija. Tabaka hiyo ya juu ni ya chembe zilizofika mwisho, yaani lisosomu, mikrosomu na mitokondria zilizojeruhiwa. Anayetaka mitokondria huisuuza na kuiondoa kwa matone machache ya myeyusho. Hatua hii huonekana ndogo, lakini katika uzoefu wangu huondoa uchafu mwingi kuliko kuosha kwa mara ya pili.

Awamu ya tatu: 100,000 g kwa dakika 60

Sasa tunahamia kwenye sentrifuji ya kasi kuu, ambayo chemba yake huondolewa hewa. Mirija yenye kuta nyembamba ni lazima ijazwe hadi karibu na mdomo, la sivyo huporomoka ndani kwa ndani chini ya nguvu hiyo. Usawa wa uzito hauna mjadala hapa: rota iliyoelemewa upande mmoja kwa kasi hii ni hatari kwa mashine na kwa watu.

Kwa safu ile ile ya sentimita 4, kifuko cha mikromita 0.1 kinashuka kwa dakika 35 hivi, na chenye 0.08 kwa dakika 55. Dakika 60 basi zimechaguliwa kwa ajili ya vifuko vidogo. Mashapo haya huitwa mikrosomu, na ni vyema kukumbuka kwamba hakuna oganeli yenye jina hilo ndani ya seli hai. Ni vipande vya retikulamu ya endoplazimu vilivyokatwa na kinu vikajifunga kuwa vifuko, pamoja na vipande vya Golgi na vya utando wa seli. Lisosomu zote zilizobaki juu katika awamu ya pili zimo humu pia. Aliyezungusha dakika 10 badala ya 20 kule nyuma ameingiza zaidi ya nusu ya lisosomu za ini katika mikrosomu zake.

Ribosomu huru zinahitaji uangalifu wa pekee, maana ndizo zinazovunja kanuni ya ukubwa. Upana wake ni kama nanomita 25, na ukizifanyia hesabu kwa densiti ya utando utapata kwamba asilimia 11 tu inashuka katika saa moja. Lakini ribosomu imejaa RNA na ni nzito kuliko utando wa ukubwa huo. Kasi yake iliyopimwa, inayotajwa kama 80 S, ukiipunguza kwa mnato wa sukrosi baridi, inatoa takriban theluthi moja ya ribosomu huru katika mashapo. Zikiwa zimeshikana kwenye uzi mmoja wa RNA, zinashuka kwa haraka zaidi. Kwa hiyo kimiminika cha juu cha awamu ya tatu si saitosoli tupu bali bado kina ribosomu, na anayetaka kuziondoa zote huongeza saa kadhaa.

Chini kabisa ya mashapo mekundu yanayopenyesha mwanga unaweza kuona kidonge angavu kama kioo. Hiyo ni glikojeni, na ndiyo sababu ya kumnyima panya chakula. Glikojeni ni nzito na ni nyingi katika ini lililoshiba, na hukokota ribosomu na vimeng'enya vinavyoishikilia.

Kuhakiki kwa vimeng'enya: mfano uliokamilishwa

Makadirio yanakuambia nini kitarajiwe. Kilichotokea kweli hujulikana kwa kupima kitu kinachopatikana katika oganeli moja tu. Kwa mitokondria tunapima oksidasi ya sitokromu c, kwa lisosomu fosfatasi ya asidi, kwa retikulamu ya endoplazimu glukosi-6-fosfatasi, na kwa saitosoli dehidrojenasi ya laktati. Kila sehemu pamoja na rojo zima hupimwa, na majibu huandikwa kama asilimia ya rojo zima. Jumla ikiwa mbali na 100, usitafsiri chochote kwanza. Tahadhari moja: fosfatasi ya asidi imefungiwa ndani ya utando, na usipoongeza sabuni kama Tritoni X-100 katika kipimo, lisosomu nzima hazitaonekana kabisa.

Tuchukue namba nilizozitunga kwa ajili ya kufundishia, zikifuata awamu tatu za hapo juu, kwa dakika 10 katika awamu ya pili na bila kuosha popote. Oksidasi ya sitokromu: mashapo ya kwanza 22, ya pili 74, ya tatu 2, kimiminika cha mwisho 0. Jumla ni 98, nasi tunaridhika nayo.

Tulitarajia 11 katika mashapo ya kwanza, tumepata 22. Maelezo ni mawili: seli nzima zilizosalia, au mitokondria zilizonaswa. Dehidrojenasi ya laktati inaamua kati yao, kwa sababu ni kimeng'enya kilichoyeyuka, na hakina sababu ya kushuka kwa 600 g isipokuwa kimebebwa ndani ya seli isiyovunjika au katika kimiminika kilicholowanisha mashapo. Tuseme asilimia 10 yake imo katika mashapo ya kwanza. Tunatawanya na kuosha sehemu ndogo ya mashapo hayo, na kimeng'enya kinabaki karibu 10. Kingekuwa cha kimiminika kilicholowanisha, kingeondoka. Kwa hiyo moja ya kumi ya seli hazikuvunjwa, na hizo zilishuka na mitokondria zake zote. Kati ya mitokondria 90 zilizosalia, asilimia 11 ni kama 10. Kumi na kumi ni 20, na mbili zilizobaki ndizo zilizonaswa. Suluhisho si kuosha wala kubadilisha kasi, bali ni kuyarudisha mashapo ya kwanza katika kinu kwa mipigo miwili, kisha kuyazungusha tena. Kuongeza mipigo kwa rojo zima tangu mwanzo kungevunja pia viini na lisosomu za seli ambazo zilikuwa zimeshafunguka.

Fosfatasi ya asidi inatoa 13, 42, 36 na 7. Mashapo ya pili yanakubaliana na makadirio, maana asilimia 46 ya lisosomu zilizoingia awamu hiyo, ambazo ni kama 87, ni 40. Ile 7 ya kimiminika cha mwisho haiwezi kuwa lisosomu nzima, kwa kuwa kwa 100,000 g zote zingekuwa zimeshuka. Ni kipimo cha lisosomu zilizopasuka. Ikipanda hadi 20 au 30, kinu kimetumika kwa ukali mno, au sukrosi ilipimwa vibaya.

Glukosi-6-fosfatasi inatoa 11, 9, 78 na 0. Ile 11 inaelezwa tayari na seli nzima. Lakini 9 katika mashapo ya pili ni mara tatu ya tulichotarajia, na hapa hakuna seli nzima za kulaumiwa. Ama tabaka laini ya juu haikuondolewa, ama mikrosomu zimeshikana, na mafungu yaliyoshikana hushuka kama chembe kubwa. Njia ya kutofautisha ni kutawanya mashapo na kuyazungusha upya katika myeyusho ule ule: uchafu ukishuka hadi karibu theluthi moja ya asilimia moja, ulikuwa wa mikrosomu zilizo huru zilizochelewa tu kutenganishwa. Ukibaki 6 au 7, zimegandana, au zimeshikamana na mitokondria zenyewe, jambo ambalo si kosa la mtendaji kila mara, kwa sababu ndani ya ini hai retikulamu ya endoplazimu imefungamana kweli na baadhi ya mitokondria.

Mwisho, gawanya asilimia ya kimeng'enya kwa asilimia ya protini katika sehemu hiyo hiyo. Mashapo ya pili yakiwa na asilimia 22 ya protini, mitokondria zimeongezeka mara 3.4 kuliko katika rojo, lisosomu mara 1.9, na retikulamu imepungua hadi 0.4. Namba hiyo ya 1.9 inasema wazi kwamba yeyote atakayepima uvunjaji wa protini katika mashapo haya na kuuhusisha na mitokondria anapima pia kazi ya lisosomu. Kuziosha zaidi kutapunguza namba hiyo, lakini lisosomu kubwa na mitokondria ndogo zina kasi moja, na hakuna g wala dakika zitakazozitenganisha. Kwa hizo mashapo yatawanywe na kuwekwa juu ya ngazi za sukrosi zinazozidi kukolea kuelekea chini, ambamo kila chembe husimama pale densiti yake inapolingana na ya kimiminika.